Saa nane ya nani?

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi hii lilikuwa na tarakimu moja tu. Soko liliungua usiku. Asubuhi nikaenda na daftari, nikazungumza na mama mmoja aliyekuwa akilala kwenye kibanda chake cha dagaa, akaniambia moto ulianza saa 8 usiku. Nikaandika: "8 usiku." Siku mbili baadaye gazeti letu la Kiingereza likaitaka habari hiyo, nikaitafsiri haraka haraka kutoka kwenye daftari lile lile, na ile 8 nikaiacha kama ilivyo. Moto ukachapwa kuwa ulianza saa nane ya Kizungu, yaani saa 2 usiku kwetu.

Saa 6 nzima zilipotea hapo. Na soko lile lilikuwa na walinzi wawili: mmoja zamu yake ilianza saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, mwenzake akapokea hadi alfajiri. Kwa kalamu yangu nilikuwa nimemtwisha moto mlinzi wa kwanza, ambaye soko likiungua yeye alikuwa kwake amelala. Alikuja ofisini gazeti kalikunja kwapani. Hakufoka. Alilifungua mezani, akaweka kidole juu ya ile tarakimu, akauliza, "Mwanangu, saa nane ya nani hii?"

Nimemkumbuka mzee yule kwa sababu ya binti mmoja aliyejiunga na chumba chetu cha habari mwaka huu. Alinijia mchana mmoja, shikamoo mkuu, marahaba, halafu akataka nimtajie kitabu cha kumfundisha kuhoji watu, na kingine cha kumfundisha kuhakiki taarifa. Nikamwambia mtu anayeuliza hivyo tayari ameshakosea kidogo, maana anadhani ni kazi mbili. Anadhani kwanza unahoji, unarudi ofisini, unaandika, kisha ndipo unahakiki ukipata muda. Muda wenyewe haupatikani. Uhakiki unafanyika ukiwa bado umekaa kwenye kigoda cha mwenyeji wako, au haufanyiki.

Hata hivyo vitabu vipo, nami nilimpa vitatu. Vyote ni vya Kiingereza na vyote vya Marekani, jambo ambalo lina gharama yake, nitalirudia. Cha kwanza ni The Elements of Journalism cha Bill Kovach na Tom Rosenstiel, kilichotoka mwaka 2001 na kuchapwa upya mara kadhaa. Nilimwambia asikisome chote. Sehemu kubwa inajadili uandishi wa habari ni kitu gani na mwandishi anawajibika kwa nani, mambo mazuri ya kusoma ukishafanya kazi miaka mitano. Afungue sura ya uhakiki tu. Humo mna kisa kifupi cha Tom French, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la St. Petersburg Times huko Florida na mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1998. Kabla ya kukabidhi habari yake, French aliichapa kwenye karatasi, akashika penseli ya rangi, akapita mstari kwa mstari akiweka alama kando ya kila jambo alilokwisha kulihakiki upya. Ujanja wote ndio huo. Penseli na karatasi.

Binti alikuwa na habari mkononi, tukaifanyia hapo hapo. Alikuwa ametoka kijijini siku mbili kabla, na aya yake ya kwanza ilisema hivi: wakazi zaidi ya 3,000 wa kijiji hicho hawana maji kwa miezi 4 sasa, baada ya kuharibika kwa pampu ya kisima kilichochimbwa mwaka 2019 kwa Sh milioni 48, na wanawake wanalazimika kutembea kilomita 7 kila siku kufuata maji mtoni.

Ni sentensi moja. Nikampa penseli nyekundu, nikamwomba apigie mstari kila kitu ambacho mtu anaweza kukikanusha. Akapata vitu saba: watu 3,000, miezi 4, kuharibika kwa pampu, mwaka 2019, Sh milioni 48, wanawake, kilomita 7. Kisha juu ya kila mstari aandike jina la aliyemwambia. Akaandika "m/kiti" mara sita. Ile ya saba, ya wanawake, alikaa nayo kidogo halafu akasema hakuna aliyemwambia, ni kawaida tu, wanaochota maji ni wanawake.

Hapo ndipo nilipomfungulia kitabu cha pili, The Chicago Guide to Fact-Checking cha Brooke Borel, kilichotoka mwaka 2016. Kikipatikana, anunue toleo la pili la mwaka 2023. Hiki ni cha kusoma chote, na si kinene. Kina sura zinazoeleza nini kihakikiwe, namna ya kuhakiki, aina za vyanzo na namna ya kutunza kumbukumbu, na mwishoni kina zoezi la kujipima. Borel anakufundisha kuijaza rasimu maelezo ya pembeni: kila taarifa inaonyesha ilikotoka, iwe ni mahojiano ya tarehe fulani, ukurasa wa ripoti au picha uliyopiga mwenyewe, ili mtu mwingine akikaa na karatasi yako aweze kurudi kwenye chanzo bila kukuuliza. Magazeti mengi ya kwetu hayana dawati la wahakiki kama majarida ya kule. Huyo mtu mwingine, basi, ni wewe mwenyewe usiku wa saa 4, mhariri anapopiga simu na wewe umeshasahau. Daftari langu la "8 usiku" lingekuwa na neno moja zaidi, "alfajiri inakaribia," au jina la yule mama na namba yake ya simu, mlinzi asingepanda basi kuja mjini.

Kwa hiyo tukapita aya yake kwa jicho la Borel, na kila kitu kikaelekezwa kunakostahili. Idadi ya watu si ya kumwuliza mwenyekiti. Sensa ilifanyika Agosti 2022 na takwimu za kila kata zimechapishwa. Lakini kuna swali kubwa zaidi ya hilo: hao 3,000 ni watu wa kijiji kizima, au ni wanaotumia kisima hicho? Kijiji kina vitongoji, na kitongoji cha mbali huenda hakijawahi kuchota hapo hata ndoo moja. Mwaka wa kuchimbwa mara nyingi uko kwenye kibao cha uzinduzi, na alikuwa amesimama mbele ya kibao hicho bila kukipiga picha. Sh milioni 48 ni habari ya mkataba. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulianza mwaka 2019, hivyo mafaili ya mradi wa mwaka huo huo yanaweza kuwa bado yamelala halmashauri, na mwandishi asiyelijua hilo atazungushwa wiki mbili kati ya ofisi mbili. Ukinyimwa, unaandika barua: sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma ya Tanzania siku 30 za kujibu. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka huo huo, na siku zao ni 21.

Kitu kilichokuwa kinanisumbua zaidi hakikuwa kwenye makaratasi. Pampu "iliharibika." Nani kaiona imeharibika? Binti akafungua rekodi kwenye simu yake, tukasikiliza. Alikuwa amemhoji mhudumu wa pampu, mzee mmoja, na swali lake lilikuwa, "Mzee wangu, pampu imeharibika?" Mzee akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Kisha wakahamia kwenye shida za maji.

Kitabu cha tatu ni kwa ajili ya swali hilo. The Craft of Interviewing cha John Brady kilitoka mwaka 1976, enzi za rekoda za kanda, na kuna kurasa utazipita ukicheka, hasa zile za kuwavizia watu mashuhuri wa Marekani. Lakini kinashughulika na mahojiano peke yake, kuanzia kuomba miadi na kujiandaa hadi swali gumu na kuandika noti. Ukikisoma utaanza kuona kwamba maswali mengi tunayouliza si maswali. Ni majibu yetu wenyewe tuliyoyavalisha alama ya kuuliza. "Pampu imeharibika?" inamwomba mzee akubali, na mzee wa pwani au wa bara aliyelelewa vizuri hatambishia mgeni aliyekuja kutoka mjini na kumwamkia vizuri. Ile "ndiyo" haikuwa taarifa, ilikuwa adabu.

Nikamrudisha kijijini. Mara hii alimwuliza mzee, "Siku maji yalipokata, ulikuwa wapi, ukaona nini?" Mzee akasimulia. Alikuwa hapo hapo, aliwasha injini, ikanguruma kidogo ikazima. Akafungua tangi, akakuta dizeli hakuna. Akaenda kwa kamati ya maji, akaambiwa fedha zimeisha. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Ukiweka lita 20 za dizeli leo, akasema mzee, jioni watu wanaoga.

Habari ikageuka hapo. Haikuwa tena habari ya chombo kibovu kinachosubiri fundi wa wilayani, ikawa habari ya Sh 50 zilizokuwa zikitozwa kwa kila ndoo na mahali zilipoishia. Nikamfundisha swali la kwenda nalo kwa kila mjumbe wa kamati, neno moja tu: "Umejuaje?" Fedha zimeisha, umejuaje? Majibu ya swali hili, katika miaka yangu yote, yanaangukia mafungu matatu: niliona, niliambiwa, nadhani. Mweka hazina alisema aliona, kwa kuwa yeye ndiye mwenye daftari la makusanyo. Wajumbe wawili waliambiwa na mweka hazina. Mwenyekiti wa kijiji, yule aliyetupa taarifa sita kati ya saba, alikuwa anadhani. Watu wanne walisema jambo moja, lakini chanzo kilikuwa kimoja, naye ndiye mwenye sababu ya kulisema.

Hiyo miezi 4 nayo ilipungua. Watu wengi hawatunzi tarehe kichwani, wanatunza matukio, kwa hiyo ukiuliza "tangu lini?" utapewa namba ya kukuridhisha. Aliuliza kina mama watatu, kila mmoja peke yake, maji yalikata kabla ya Idi au baada, na watoto walikuwa shule au likizo. Wote watatu wakamwambia ilikuwa wiki ya shule kufunguliwa. Ukihesabu kwa kalenda, ilikuwa bado siku chache kutimia miezi 3.

Sasa ile gharama ya vitabu vya kigeni. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivi kitakachokuambia habari ya saa yetu, na makosa ya saa nimeyaona yakichapwa mara nyingi kuliko ya majina. Havitakuambia kwamba mtu akisema "kaka yangu" huenda ni mtoto wa mama yake mkubwa, na "baba wa marehemu" aliyetokea msibani akazungumza nawe kwa uchungu anaweza kuwa baba mdogo, wakati baba mzazi yuko safarini na atasoma maneno ya mwenzake gazetini kama yake. Uliza: baba mzazi? Ndugu wa tumbo moja? Hakuna anayekasirika. Havitakuambia kwamba Kiswahili hakisemi kama "mwalimu huyo" ni mwanamke au mwanamume, na kwamba aliye mezani kwa Kiingereza atabahatisha, na akibahatisha mara nyingi ataandika mwanamume. Na havijui "inasemekana," neno ambalo mimi nimelipiga marufuku mezani kwangu. Anayesema ni mtu, mtafute.

Jambo jingine la kwetu ni ahadi. Ofisa akikwambia katikati ya mazungumzo "hilo usiandike," na mwingine akasema "andika ila usinitaje," hao wameomba vitu viwili tofauti kabisa. Wa kwanza anataka taarifa isitumike, wa pili anataka jina lisionekane. Brady analijadili hili kwa desturi za Washington, lakini kanuni inayofaa kwetu ni nyepesi: mkubaliane kabla hajafungua mdomo, na mrudie makubaliano kwa maneno kamili kabla hujaaga. Na akitaka kuisoma habari nzima kabla haijachapwa, kama wanavyopenda mabwana wa idara, usimpe. Mpigie umsomee hoja za ukweli tu: "Ulisema kisima kina kina cha mita 80, ni kweli?" Atarekebisha mita. Hatapata nafasi ya kurekebisha nukuu aliyoijutia usiku.

Binti aliniuliza kama kuna kitu cha kusoma kisicho na gharama, maana vitabu hivi kuviagiza ni mshahara. Vipo viwili ninavyovipenda. Kimoja ni mwongozo wa Mark Lee Hunter, Story-Based Inquiry, uliotolewa na UNESCO mwaka 2009 na kupatikana bure mtandaoni. Unafundisha kuanza na dhana iliyoandikwa wazi, halafu kuichunguza kipande kwa kipande kana kwamba unataka kuiangusha.

Cha pili si kitabu, ni ripoti ya kushindwa. Novemba 2014 jarida la Rolling Stone lilichapisha habari ndefu ya mwanafunzi aliyesema alibakwa na kundi la wanaume katika nyumba ya chama cha wanafunzi kwenye Chuo Kikuu cha Virginia. Wiki chache baadaye habari ikaanza kumomonyoka, na jarida lenyewe likakiomba Chuo cha Uandishi wa Habari cha Columbia kichunguze kilichotokea. Ripoti ikatoka Aprili 2015, na siku hiyo hiyo jarida likaifuta habari yake. Isome yote, maana inaonyesha mahojiano na uhakiki vikianguka pamoja. Kulikuwa na rafiki watatu waliokutana na mwanafunzi huyo usiku ule. Maneno yao yalikuwa ndani ya habari, ndani ya alama za nukuu, lakini mwandishi hakuzungumza na hata mmoja wao. Maneno yalitoka kwa mwanafunzi mwenyewe. Walipotafutwa baadaye na wengine, walisimulia usiku ule kwa namna tofauti kabisa. Chama kilichotuhumiwa kiliombwa maoni kwa ujumla bila kupewa tarehe na maelezo ambayo kingeweza kuyajibu. Mhakiki wa jarida aliliona pengo la wale marafiki, akaliandika pembeni mwa rasimu, na habari ikapita hivyo hivyo. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilimpa ofisa mmoja wa chuo aliyechafuliwa na habari hiyo fidia ya dola milioni 3.

Kwa penseli nyekundu mambo yangeonekana mapema: nukuu tatu, na juu ya kila moja jina la mtu ambaye hakuzisema.

Anayetaka mazoezi kwa Kiswahili asome chambuzi za PesaCheck, ambao huchapisha kwa lugha yetu pia. Asisome hitimisho kwanza. Asome dai lenyewe, afunike yaliyobaki, ajiulize yeye angepiga simu wapi, ndipo afunue.

Zilibaki taarifa mbili kwenye aya ya binti: kilomita 7, na wanawake. Kilomita hazihojiwi, zinatembewa. Alirudi kijijini mara ya tatu, akaamka na mama mmoja saa 11 alfajiri, akawasha kipima umbali cha simu mlangoni. Kilomita 3.4 hadi mtoni. Kwenda na kurudi, basi, 6.8. Mwenyekiti hakuwa amedanganya, ila maneno "kwenda na kurudi" hayakuwemo, na msomaji angeona kilomita 14.

Kuhusu wanawake alinipigia akiwa bado ukingoni. Nilisikia kengele za baiskeli nyuma ya sauti yake. "Mkuu," akasema, "hapa kina mama wako sita. Vijana wa baiskeli nimehesabu 19, kila mmoja na madumu manne. Wanauza dumu Sh 300 kijijini." Akanyamaza kidogo. "Na wawili kati yao wanasema baiskeli si zao, ni za mweka hazina."

Nikamwuliza wamejuaje.

"Ndio wanaompelekea hesabu jioni," akasema. "Ngoja nikaulize na hao wengine."